Ile picha ya jeki yenye pistoni mbili: nguvu inaongezekea wapi?

Kila mwaka pale chuoni, mie nafundisha mitambo hapa Tanga, nikichora jeki ubaoni kuna mwanafunzi atanyoosha mkono aulize swali lilelile: mwalimu, umesema presha ni moja mafuta yote, sasa hiyo nguvu inaongezeka wapi? Swali zuri sana, na michoro mingi ya vitabuni hailijibu. Inakupa chombo kama herufi U, mkono mmoja mwembamba mmoja mnene, mishale miwili, alafu fomula `F1/A1 = F2/A2`, basi, ukariri uende.

Mie naanzaga na sirinji. Nenda duka la dawa chukua sirinji ya mililita 2 na ya mililita 20, sindano tupa kule hatuzihitaji, ziunge kwa kipande cha mpira mwembamba wa dripu, jaza maji uhakikishe hamna kiputo. Sasa mpe mwenzako mwenye mikono mikubwa ashike ile kubwa azuie kwa kidole gumba, we sukuma ndogo. Atashindwa, na atakuangalia kama umemfanyia kiinimacho. Upana wa ile kubwa ni karibu mara mbili ya ndogo, ila nguvu inayomfikia ni karibu mara nne.

Kwanini nne na sio mbili? Hapa ndo penyewe. Presha maana yake nguvu kwa kila sentimita mraba, sio nguvu yote kwa jumla. Chukua jeki ya chupa yenye pistoni ndogo ya kipenyo cha sentimita 1 na kubwa ya sentimita 4. Uso wa ile kubwa ukiukata vipande vyenye eneo sawa na uso wa ile ndogo unapata vipande 16 (4 mara 4, maana eneo linakwenda na kipenyo kikijizidisha chenyewe). Ukikandamiza ndogo kwa kilo 125, mafuta hayajui wala hayajali kipande kipi ni cha nani, yanasukuma kila kimoja kwa kilo 125 zilezile. Ni kama watu 16 wamejipanga chini ya mzigo mmoja, kila mtu anabeba zake 125. Jumla kilo 2,000. Kwahiyo presha haijaongezeka hata kidogo, kilichoongezeka ni uso wa kusukumwa.

Huyu Blaise Pascal, Mfaransa, ndo aliyeiweka hii kanuni wazi, akafariki 1662, na jeki hakuiona. Mpaka 1795 ndo Mwingereza Joseph Bramah akaisajili mashine ya kukandamiza kwa maji, babu wa jeki zetu hizi.

Na zile kilo 125 nani anazitoa? Huzitoi wewe, unatoa kilo 12 na nusu tu, kama kuning'iniza dumu la lita 12 na kidogo mwisho wa mpini, kwasababu mpini ni wenzo na tuseme unazidisha mara 10. Kumi ya mpini, kumi na sita ya pistoni, jumla mara 160. Ndo maana kijana mwembamba anainua upande wa nyuma wa Kanta yenye shehena ya machungwa ya Muheza. Mle ndani presha inafika kama kilo 159 kwa sentimita mraba, wakati tairi la gari dogo lina kilo 2 na ushee, kwahiyo jeki inayovuja jasho la mafuta kwenye maungio usiiweke usoni kuchungulia.

Cha bure hakuna lakini. Ukishusha mkono sentimita 16, pistoni ndogo inashuka milimita 16, na hayo mafuta yakienda kutandaa chini ya pistoni kubwa yanainyanyua milimita 1 tu. Piga hesabu: kilo 12.5 mara sentimita 16 ni 200, na kilo 2,000 mara sentimita 0.1 ni 200. Kunyanyua sentimita 12 basi unapiga mpini mara 120, na kiuhalisia nguvu unayotakiwa kutoa inazidi kidogo hapo sababu ya misuguano ya sili.

Sasa tatizo la mchoro wa U. Ukiitengeneza kama ulivyochorwa, ukipandisha mpini ili upige tena, gari inashuka na wewe. Mchoro kamili una tangi la mafuta pembeni na gololi mbili za chuma zinazokaa kwenye vitundu vyake. Ukivuta mpini juu, gololi ya kuingilia inafunguka, mafuta yanatoka tangini yanaingia chini ya pistoni ndogo, huku gololi ya kutokea imefunga, inazuia gari isirudi. Ukishusha mpini zinabadilishana zamu. Alafu kuna skrubu ya kushushia, ukiilegeza inafungua njia ya mafuta kutoka pistoni kubwa kurudi tangini.

Ukishaielewa hiyo, jeki mbovu unaipima bila kuifungua. Kuna dereva alinipigia, Kanta imepanchia baada ya Muheza, anasema mwalimu hii jeki imeniroga, napiga inapanda kidogo, nikiachia mpini unaruka wenyewe juu na gari inarudi palepale. Nikamuuliza, mjomba, ukiiacha bila kuigusa inaendelea kuzama? Akasema hapana, inacheza palepale tu.

Hapo jibu tayari. Ingekuwa skrubu ya kushushia haijakaa vizuri au sili ya pistoni kubwa imekwisha, gari ingezama polepole mpaka chini na mpini umetulia zake. Ingekuwa gololi ya kuingilia, mpini ungeshuka mwepesi tu mafuta yakirudi tangini na gari isinyanyuke. Ingekuwa hewa, mpini ungebonyea kama sponji, maana hewa inajikunja na mafuta hayajikunji (acha kiputo kwenye ile sirinji utaona). Ila mpini ukikurukia ni presha ya pistoni kubwa imepenya kurudi kwa ndogo, yaani gololi ya kutokea haizibi. Na inaishia hapohapo kwasababu gololi ya kuingilia bado nzima, mafuta hayana pa kwenda zaidi.

Nikamwambia aazime jeki nyingine, na asiingie chini ya gari mpaka aweke stendi au magogo, jeki ni ya kunyanyulia sio ya kushikilia. Kesho yake akaniletea ile jeki tukaifungua mezani. Kati ya gololi ya kutokea na kitundu chake kumenasa kipande cheusi cha mpira kidogo kuliko punje ya mchele, laini kinavutika kama bigijii. Nikanusa mafuta, nikamuuliza uliongeza nini humu? Akacheka kwa aibu, yalipungua wakati yuko safari, akamalizia na breki fluidi iliyobaki kwenye chupa. Breki fluidi inazivimbisha sili za jeki mpaka zinamomonyoka, na vipande ndo vinakwenda kukaa kwenye gololi. Tukaosha, tukaweka sili mpya na mafuta ya haidroliki, tukapiga mpini mara kadhaa skrubu ikiwa wazi kutoa hewa, tukafunga. Mpini ukakaa pale anapouachia.