Beseni la dola 2 linakugharimu ngapi likifika? Piga hesabu kabla hujabandika bei

Hapa kwenye dawati letu la ushauri wa biashara kuna kosa tunaliona sana kwa wanaoagiza mzigo nje, na si kwamba watu hawajui kuna freiti na ushuru, wanajua vizuri tu, shida ni namna wanavyozigawa hizo gharama kwenye bidhaa mojamoja. Mtu kaleta bidhaa mbili tofauti kwenye mzigo mmoja, anajumlisha gharama zote anazitawanya kwa asilimia ya bei ya kununulia, basi. Matokeo yake bidhaa moja inambeba mwenzake na yeye hajui.

Tuchukue mfano. Umeagiza beseni za plastiki 1,000 kwa dola 2 kila moja, na charja za simu 2,000 kwa dola 3. Jumla dola 8,000. Beseni zimechukua mita za ujazo 20, charja 4 tu, na meli wanakuchaji dola 100 kwa kila mita ya ujazo, kwahiyo freiti ni dola 2,400. Ukigawa kwa thamani, beseni ni robo ya pesa yote, zinabeba dola 600, yaani senti 60 kwa beseni. Lakini meli haijakuchaji kwa thamani, imekuchaji kwa nafasi! Beseni zimekula nafasi ya dola 2,000, kwahiyo freiti peke yake ni dola 2 kwa kila beseni, sawasawa na bei uliyonunulia kiwandani.

Sasa twende mbele na beseni tu. Manunuzi 2,000, freiti 2,000, bima tuseme 20, inakuwa 4,020. Nchi nyingi zinatoza ushuru juu ya jumla hiyo, sio juu ya bei ya kiwandani peke yake (Marekani na Australia ni kati ya zinazoiacha nje freiti ya kimataifa). Tukichukulia ushuru ni asilimia 25 unalipa 1,005, kwa hiyo freiti ikipanda ushuru nao unapanda. Ukishatoa mzigo, usiukadirie tena huu ushuru, chukua ule uliotozwa kwa kila bidhaa kwenye hati ya forodha, maana wao wanaweza kuwa wamegawa freiti kwa njia yao.

Alafu kuna ajenti wa kliaringi, tozo za bandari na lori la kuleta stoo, tuseme fungu la beseni ni dola 500. Tumefika 5,525. Kodi ya ongezeko la thamani inakokotolewa juu ya mzigo pamoja na ushuru wake, na hapa jiulize kitu kimoja, umesajiliwa na unaweza kuidai? Kama ndiyo usiiweke kwenye gharama, inakubana mzunguko tu mpaka uirudishe, kama hapana basi ni gharama kamili, iweke yote.

Usigawanye kwa 1,000 bado. Fungua maboksi kwanza uhesabu nzima. Zimepasuka 40, unagawanya kwa 960, beseni moja ni dola 5.76. Yule aliyegawa freiti na kliaringi kwa thamani, na ushuru akaukadiria hivyohivyo, na kupasuka hajakuhesabu, anapata kama 3.43, anauza 5 anaona ana faida nzuri kumbe kila beseni likitoka anatoa pesa mfukoni, na charja zake anaziuza ghali kuliko wenzake anashangaa haziendi.

Kwenye sarafu nako kuna mtego, kwasababu hukulipa siku moja. Tuseme dola ilikuwa 100 za kwenu ulipolipa advansi ya asilimia 30, ikawa 104 ulipomalizia. Zile dola 2,000 za beseni zimekutoka 205,600, kwahiyo reti yako halisi ni 102.8. Kila malipo yaandike kwa reti ya siku yake, ile benki waliyokuuzia dola pamoja na makato yao, sio unayoiona mtandaoni. Forodha nao wana reti yao wanayoitangaza. Ila unapopanga bei ya kuuza angalia pia reti ya leo, kama dola imeshafika 110 na wewe umepanga bei kwa 102.8, hela utakayokusanya haitatosha kuagiza mzigo uleule.

Mwisho kwenye faida, ukitaka asilimia 30 ya bei ya kuuza usizidishe 5.76 kwa 1.3, hapo unapata 7.49 na faida ni kama asilimia 23 tu ya mauzo. Gawanya kwa 0.7, inakuja 8.23. Kama sokoni beseni kama hilo haliuziki zaidi ya 7, bora ujue kabla hujatuma advansi, uulize kiwanda kama beseni zinaweza kupakiwa moja ndani ya nyingine, maana kwenye nafasi ndiko pesa yako inakoishia.