Kabla Hujashika Kanuni: Dhana Potofu Kuhusu Maswali Marefu ya Mafumbo

Nimesahihisha mitihani ya majaribio kwa miaka kadhaa, na makosa mengi ya maswali ya mafumbo huwa yametokea kabla mwanafunzi hajaandika hesabu hata moja. Kuzidisha anajua, mlinganyo anaufungua vizuri, ila alichokiingiza ndani yake sicho swali lilichompa. Nitatumia swali moja nililolitunga kwa mtindo wa mitihani iliyopita, kwa sababu lina mitego yote ninayotaka kuizungumzia.

*Umbali kati ya mji P na mji Q ni kilomita 360. Basi liliondoka P kwenda Q saa 2:15 asubuhi kwa mwendokasi wa kilomita 60 kwa saa. Baada ya saa 1 na dakika 30 lilisimama kwa dakika 20, kisha likaendelea kwa mwendokasi uleule. Gari dogo, ambalo hutumia lita 1 ya mafuta kwa kila kilomita 12, liliondoka Q kwenda P kwa njia hiyohiyo saa 3:45 asubuhi kwa mwendokasi wa kilomita 90 kwa saa. (a) Yalikutana saa ngapi? (b) Yalikutana umbali gani kutoka P? (c) Gari dogo lilikuwa limetumia lita ngapi za mafuta hadi yalipokutana?*

Dhana: Taarifa tulizopewa ni zile namba.

Mwanafunzi anapita kwenye swali na kuzungushia duara 360, 60, 20, 12 na 90, kisha anaamini ameshakusanya kila kitu.

Ukweli ni kwamba nusu ya taarifa za swali hili haina tarakimu. "Kwa njia hiyohiyo" pamoja na "liliondoka Q kwenda P" vinasema kwamba magari yanaelekeana uso kwa uso. "Uleule" inakupa mwendokasi wa basi baada ya kusimama bila kuutaja tena. Neno zito kuliko yote ni "yalikutana". Ndani yake mna taarifa mbili: kwamba saa ilikuwa moja kwa magari yote mawili, na kwamba umbali uliosafiriwa na basi ukijumlishwa na ule wa gari dogo unatimia kilomita 360. Bila taarifa hiyo ya pili hakuna mlinganyo, na swali halikuiandika popote. Unaitoa wewe kwenye kitenzi.

Kwa hiyo mimi humwambia mwanafunzi asome kwa kituo. Kila anapofika kwenye nukta, aandike sentensi hiyo imempa nini, hata kama imempa uhusiano tu. Kwa swali letu karatasi itakuwa hivi:

Umbali wote: km 360.
Basi, kutoka P, km 60 kwa saa: 2:15 hadi 3:45 linatembea, 3:45 hadi 4:05 limesimama, kuanzia 4:05 linatembea tena.
Gari dogo, kutoka Q, km 90 kwa saa: linatembea kuanzia 3:45.
Mafuta: lita 1 kwa km 12 (gari dogo tu).
Wakati wa kukutana: umbali wa basi + umbali wa gari = 360.
Vinavyotafutwa: (a) saa, (b) umbali kutoka P, (c) lita.

Tazama saa 3:45 inavyojitokeza mara mbili. Kwenye swali haionekani hivyo, kwa sababu kwa basi imefichwa ndani ya "baada ya saa 1 na dakika 30". Ukishaiona kwenye karatasi unajua kwamba gari dogo lilianza safari dakika ileile basi liliposimama. Asiyeandika huliacha basi likitembea: anachukua 360 − 90 = 270, anagawanya kwa 150, anapata saa 1.8, na jibu la (b) linakuwa kilomita 198. Hesabu ni safi kabisa, lakini dakika 20 zimepotea.

Dhana: Kila namba lazima itumike, tena palepale ilipotajwa.

Namba 12 imekaa katikati ya maelezo ya gari dogo, na nimewaona wanafunzi wakihangaika kuiingiza kwenye (a) kwa kuwa tu ipo. Kwenye mitihani, namba isiyo na kazi kabisa ni nadra. Kinachotokea mara nyingi ni namba inayosubiri kipengele cha mbele. Ndiyo maana vipengele vyote visomwe kabla ya kuanza (a), na kila taarifa iwekewe alama ya kipengele inachokihudumia.

Kuna aina nyingine ambayo ni hatari zaidi. Kipengele kikianza na "Kama gari dogo lingeondoka nusu saa mapema...", taarifa hiyo ni ya kipengele hicho peke yake. Viambishi "-nge-" na "-ngali-" ni alama ya barabarani: iandike pembeni, usiichanganye na zile za juu.

Dhana: Kisichojulikana ni kile kilichoulizwa.

Wengi wataandika "saa ya kukutana = x" kwa sababu ndiyo (a). Inawezekana kufika kwa njia hiyo, lakini utabeba 2:15, 3:45 na kituo cha dakika 20 ndani ya mlinganyo mmoja. Karatasi yetu inaonyesha mahali pepesi zaidi: saa 4:05, kuanzia hapo magari yote mawili yanatembea. Kwa hiyo t iwe ni muda, kwa saa, tangu 4:05.

Hadi wakati huo basi limemaliza km 90. Gari dogo limetembea dakika 20, yaani theluthi ya saa, sawa na km 30. Kati yao zimebaki km 240.

60t + 90t = 240, hivyo t = 1.6.

Hapa inabidi kusimama. Saa 1.6 ni saa 1 na dakika 36, si saa 1 na dakika 60 wala 6. Na t siyo jibu la (a). Unarudi kwenye karatasi yako, unaona ulichoandika kuwa kinatafutwa, unajumlisha: 4:05 na saa 1 dakika 36 ni saa 5:41 asubuhi. Kwa (b), 90 + 60 × 1.6 = km 186. Kwa (c), gari dogo limetembea 30 + 90 × 1.6 = km 174, na 174 ÷ 12 ni lita 14.5.

Dhana: Maneno fulani hutaja njia: "zaidi" ni kujumlisha, "kila" ni kuzidisha.

Pipa A lina lita 12 zaidi ya pipa B. A lina lita 30. B lina ngapi? Aliyekariri "zaidi" atasema 42, ilhali ni 18. Neno "zaidi" linaeleza uhusiano, A = B + 12, na ukishauandika hivyo unaona wazi kinachokosekana ni kipi. Hata kwenye swali letu "kwa kila kilomita 12" imeishia kwenye kugawanya.

Dhana: Kuorodhesha kunakula muda.

Mistari ile ya juu huchukua dakika mbili hivi, na ndiyo hiyohiyo utakayotumia kuhakiki. Chukua majibu ya mwisho uyarudishe kwenye uhusiano uliouandika kwanza: 186 + 174 = 360. Lakini jihadhari, maana hata yule wa 198 atapata 198 + 162 = 360 na kuridhika. Uhakiki unaomnasa ni wa saa. Basi likifika km 198 kwa km 60 kwa saa limetembea saa 3 na dakika 18. Ongeza dakika 20 za kituo juu ya 2:15, unafika 5:53. Gari dogo kwa km 162 limetumia saa 1 na dakika 48 tangu 3:45, yaani 5:33. Saa mbili tofauti, kwa hiyo hayakukutana.