Nikitumiwa skrinshoti ya profaili, cha kwanza naangalia nani kaipiga

Wiki mbili zilizopita mama mdogo kanitumia skrinshoti mbili WhatsApp, saa nne usiku, na voisi noti chini yake. "Mwanangu hebu niangalizie hawa watu, wana simu ya laki nne na nusu ile ambayo dukani ni laki saba na kitu, wanataka nitangulize laki mbili leo leo. Mi naona wako vizuri, wana wafuasi sitini elfu na akaunti yenyewe ya 2016."

Kuhakiki akaunti ndo kazi inayonilipa, na wanaonitumia skrinshoti wengi huwa tayari wameshaamua, wanatafuta tu mtu wa kuwaambia lipa. Kwahiyo sikumjibu hapo hapo, nikaikuza ile picha ya kwanza nikaanza kusoma.

Ilikuwa profaili ya Instagram ya duka la simu linalosema liko Kariakoo. Juu jina, halafu namba tatu: posti 34, wafuasi 61.4K, wanaowafuata wao 7,389. Lakini jicho langu lilienda chini kidogo, kwenye vitufe. Ukifungua profaili ya mtu mwingine unaona Follow au Following, na pembeni Message. Hii ilikuwa na Edit profile na Share profile, na hivyo vitufe anaviona mwenye akaunti peke yake. Maana yake mama mdogo hakuipiga yeye hiyo skrinshoti, katumiwa na muuzaji mwenyewe. Nikamuuliza, akasema ndiyo, kijana kamtumia "ili niamini".

Hapo sijasema ni tapeli, mtu anaweza kukutumia skrinshoti ya duka lake kwa nia njema kabisa. Ila skrinshoti iliyoletwa na anayetaka hela yako ni ushahidi wa maneno yake tu. Watu wengi wanadhani picha iliyochezewa utaiona, herufi zitakuwa zimepinda au rangi haifanani, lakini mtu akifungua profaili kwenye kompyuta, akabonyeza kulia na kuchagua Inspect, anabadilisha namba yoyote ndani ya ukurasa wenyewe halafu ndo anapiga skrinshoti, herufi zinabaki zile zile na hakuna mshono wa kuutafuta. Ndo maana nilimwambia mama afungue akaunti yeye mwenyewe kwenye simu yake na anipigie upya. Namba zilikuwa za kweli, 61.4K na 7,389. Sawa, sasa tunaweza kuzijadili.

Hapa kwenye namba ndo watu wanajichanganya sana. Utasikia mtu anasema akaunti feki ni ile inayofuata watu wengi na yenyewe inafuatwa na wachache. Hiyo ni kweli kwa zile roboti za bei rahisi, zinafuata elfu tatu, zinafuatwa na 40. Lakini tapeli anayetaka laki mbili yako haji na akaunti ya hivyo. Kilichonivuta mimi ni ile 7,389, kwa sababu Instagram hairuhusu kufuata zaidi ya akaunti 7,500. Duka la kawaida lina sababu gani ya kufuata watu karibu hadi ukutani? Jibu mara nyingi ni mchezo wa nifolo nikufolo, unafuata watu kwa maelfu, wengine wanakufuata kwa heshima tu, unawaacha, unafuata wengine. Sio kosa la jinai, na kuna wasanii wachanga na maduka halali wanafanya hivyo. Ila inakuambia hao elfu sitini hawakuja kwa sababu walinunua simu wakaridhika.

Na kuna wale wa kununuliwa kabisa. Biashara hiyo ni kubwa na ya siku nyingi, kule Marekani kampuni moja inaitwa Devumi iliandikwa na New York Times mwaka 2018, na 2019 mamlaka ya kulinda walaji ya huko, FTC, ikamalizana na mwenye kampuni kwa kesi ya kuuza wafuasi feki. Akaunti ya namna hiyo yenyewe hufuata wachache tu, kwahiyo ukiangalia uwiano peke yake itaonekana ya mtu mkubwa. Utaijua kwa kuangalia upande wa rili, sababu pale idadi ya waliotazama imeandikwa juu ya kila video. Nilimwambia mama abonyeze kialama cha rili anipigie na hiyo. Video tisa za juu: 143, 98, 121, moja 310, nyingine zote chini ya 150. Wafuasi elfu sitini na moja halafu watazamaji 98! Hata kama algorithimu imekuchukia, hao wafuasi wako wapi? Wapo kwenye namba tu, wengi huenda hawajui hata kama wanaifuata, na kwanini hawajui ndo tunafika kwenye tarehe.

Skrinshoti ya pili ya muuzaji ilikuwa ya tarehe. Instagram haiweki tarehe ya kufunguliwa kwenye ukurasa wa profaili kama X inavyofanya, inabidi uguse jina la akaunti pale juu, au vile vidoti vitatu, halafu About this account. Pale inatokea Date joined, na kwa baadhi ya akaunti nchi ilipo na majina ya zamani, siyo zote. Picha ya muuzaji ilionyesha Date joined August 2016, halafu ikakatwa hapo hapo. Kakata picha kwa kidole sehemu nzuri kweli! Mama alipofungua mwenyewe chini yake kulikuwa na Former usernames, na namba 5. Imebadilisha jina mara tano.

Sasa unganisha. Akaunti ya 2016, imebadilisha jina mara tano, ina posti 34, na nilipomwomba mama ashuke hadi ile ya mwisho kabisa chini, ilikuwa ya siku 19 tu. Duka la miaka yote hiyo halina posti ya mwaka jana? Hakuna picha moja ya zamani, sikukuu, simu zilizopitwa na wakati? Akaunti ya namna hii mara nyingi ama imeibiwa kwa mtu ama imenunuliwa, ilikuwa labda ya vichekesho au ya mashabiki wa msanii fulani, posti zote zikafutwa, jina likabadilishwa, wafuasi wakabaki. Wao walifuata vichekesho, wameamka wamekuwa wateja wa simu bila habari. Ndo maana video zinatazamwa na watu 98.

Nilikaa hapa muda mrefu na mama kwa sababu hiki ndo kilichomshika yeye. Kila mtu ameambiwa akaunti mpya ni hatari, kwahiyo matapeli nao wamejifunza kununua za zamani. Siku hizi akaunti ya miezi miwili hainitishi kama akaunti ya miaka minane yenye posti za wiki tatu. Na tiki ya bluu isikuzuzue, tangu 2023 Meta wanaiuza kwa mwezi kwa yeyote mwenye kitambulisho kinachokubalika, inakuambia kuna mtu kathibitishwa, haikuambii kama simu ipo.

Picha zikawa za mwisho. Kutafuta picha kwa kurudi nyuma kila mtu anajua sa hivi, unaweka kwenye Google Lens au TinEye au Yandex. Tatizo ni kwamba watu wanaingiza skrinshoti nzima, na mashine inatafuta ukurasa wa Instagram badala ya picha. Fungua posti moja, kata picha yenyewe tu, bila maandishi ya chini, bila ile mistari ya juu. Picha ya profaili ni ngumu zaidi, kiduara kidogo na pembe zimekatwa, nayo ukiikuza inakuwa ukungu, kwahiyo mimi huanza na za kwenye posti.

Picha ya kwanza ya "duka letu" sikupata kitu. Nikaiangalia tena kwa macho nikacheka, maandishi kwenye maboksi ya simu yalikuwa yanasomeka kinyumenyume kama kwenye kioo. Mtu kaigeuza picha kushoto kulia ili isipatikane kirahisi. Nikaigeuza nikairudisha kwenye Yandex, ikatoka kwenye tovuti ya wauzaji wa jumla, na ukutani nyuma ya kaunta kulikuwa na soketi yenye pini bapa zilizoinama kama paa la nyumba, na kibao cha Kichina juu yake. Kariakoo nimezunguka Aggrey na Msimbazi miaka yote, soketi zetu ni zile za pini tatu nene. Ile ya "mteja wetu akipokea mzigo", dada anatabasamu meno yote na ukuta mweupe peee nyuma yake, ilikuwa kwenye tovuti ya kuuza picha, na watu wengine wameitumia kutangaza bima na dawa ya meno.

Hapa niseme kitu maana nimeshawahi kukosea. Mwaka juzi niliwahi kumuita feki mama mmoja wa Mbagala anayeuza keki, akaunti ina miezi miwili, wafuasi 212, anafuata 900, na picha za keki nusu katoa Pinterest. Kila dalili ipo! Kumbe akaunti kafunguliwa na binti yake, picha ni za kumuonyesha mteja mitindo, na anaoka kweli, nimekula. Tofauti ni kwamba kwake hakuna kilichopingana na kingine, ni mpya, ni ndogo, na inaonekana mpya na ndogo. Na picha ya kuazima ya keki siyo sawa na picha ya kuazima ya "mimi mwenyewe dukani kwangu". Ya kwanza ni uvivu, ya pili ni uongo kuhusu mtu yupo wapi.

Kwa mama mdogo nilimalizia na mambo mawili. Kwanza posti zote zilifungwa komenti, duka gani halitaki maswali. Pili nikamwambia aanze kama anatuma hela kwenye ile namba aliyopewa, ila asiweke namba ya siri, asome tu jina linalotokea. Likatokea jina la mwanamke, wakati anayechati naye kajitambulisha kwa jina la kiume na "duka" lina jina jingine kabisa. Alipomwambia atamfuata dukani kesho na hela mkononi, akaambiwa leo ndo mwisho wa ofa, halafu akablokiwa.

Mimi nilikuwa nimeifolo kwa akaunti yangu ya kazi, kwahiyo naiona hata ikibadilisha jina. Juzi nimechungulia. Former usernames imekuwa 6, posti 11, wafuasi 60.9K, inauza sofa.