Mazabodi haina waifai, si lazima ibadilishwe

"Fundi kaniambia mazabodi yangu haina waifai, kwa hiyo ninunue nyingine. Ni kweli?"

Hapana, usiitupe. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, fungua kasha utazame chini ya sloti ndefu ya kadi ya picha. Mara nyingi utakuta sloti fupi, PCIe x1, na kadi ya waifai huingia hapo. Fupi ikikosekana, kadi hiyo hiyo hukaa hata kwenye ndefu iliyo wazi. Toa kibati cha nyuma, isukume hadi ikae sawasawa, kaza skrubu, kisha funga antena zote mbili. Bila antena, mtandao utakuwa dhaifu hata ruta ikiwa chumba kile kile.

Wengi hukwama kwenye bluutuuthi. Waifai hupita kwenye sloti, lakini bluutuuthi ya kadi hizi kwa kawaida hupitia waya mwembamba unaochomekwa kwenye pini 9 za mazabodi, zilizoandikwa F_USB au JUSB. Mteja mmoja aliniletea kadi akidai ni mbovu: waifai inashika, bluutuuthi haionekani kabisa. Ule waya ulikuwa bado ndani ya boksi.