Nguruwe mmoja kafa, wengine wanakula: siku za kimya za homa ya nguruwe

Simu nyingi tunazopigiwa kuhusu homa ya nguruwe huanza na maneno yaleyale: "Daktari, nguruwe wangu mmoja amekufa, nadhani kalishwa sumu." Mfugaji ana sababu ya kudhani hivyo. Juzi nguruwe alikuwa mzima, leo hayupo, na wenzake wa banda lilelile wanagombania pumba kama kawaida. Kama ni ugonjwa wa kuambukiza, anauliza, mbona hawa hawajaugua?

Jibu ni kwamba virusi vya homa ya nguruwe ya Afrika havisafiri na upepo kutoka zizi hadi zizi. Vinatembea ndani ya damu, mate, mkojo, mavi na nyama. Nguruwe akishavipata huchukua siku 4 hadi 19 kabla ya kuonyesha dalili, na anaweza kuanza kuvitoa mwilini siku mbili kabla hajaonekana mgonjwa. Kwa hiyo kati ya kifo cha kwanza na cha pili linaweza kupita juma zima la kimya. Katika juma hilo mfugaji mwenye hofu huwauza waliobaki, na ugonjwa unapanda pikipiki kwenda kijiji cha pili.

Chukua banda la aina tunayokutana nayo sana Nyanda za Juu Kusini: nguruwe mama wawili na vijana watano. Mfugaji anaazima dume la jirani limpandie mama mmoja. Baada ya siku nane mama yule anaacha kula, analala pembeni na akisimamishwa anayumba. Ukimpima, kipimajoto kinasoma 41.3. Nguruwe mzima huwa kati ya 38.5 na 39.5, kwa hiyo hiyo ni homa kali. Anachomwa oksitetrasaiklini, kesho yake homa ipo palepale. Siku ya tatu ya ugonjwa masikio yanabadilika rangi, siku ya tano amekufa. Wengine wanaonekana wazima siku sita zaidi, kisha wanaanza kuanguka wawili wawili. Aina kali ya ugonjwa huu inaweza kuua karibu banda zima.

Kipimajoto ndicho kitu cha kwanza ningekuomba ununue. Kifunge uzi kisitumbukie, kipake mafuta, kiingize kwenye njia ya haja kubwa na ukiegemeze ukutani mwa utumbo, si katikati ya mavi. Pima asubuhi kabla jua halijachoma. Nguruwe akifa ghafla, pima wote waliobaki kila asubuhi, maana mara nyingi homa hutangulia mabadiliko ya ngozi.

Ngozi nayo ina mahali pake pa kuangaliwa. Kwa nguruwe mweupe utaona wekundu unaogeuka zambarau kwenye ncha za masikio, pua, tumbo, miguu na mkia. Kwa nguruwe mweusi ukitazama mgongo hutaona kitu. Mgeuze uangalie ndani ya sikio na kati ya mapaja. Baadhi hutapika, wengine huharisha damu, na wenye mimba huitupa. Yapo magonjwa yanayofanana na haya. Kuna lile linaloleta mabaka yaliyoinuka yenye umbo la almasi mgongoni na ubavuni, na hilo mara nyingi hupata nafuu kwa penisilini ndani ya siku moja au mbili. Nguruwe mweupe aliyeungua jua huwa mwekundu mgongoni lakini anakula na hana homa. Uhakika unatoka maabara peke yake, kwa sampuli ya damu anayochukua afisa mifugo. Usimpasue mzoga nyumbani kutafuta sababu: damu itakayomwagika ndiyo yenye virusi kwa wingi kuliko kitu kingine chochote.

Tunaulizwa kila mara kwa nini hakuna chanjo, wakati ugonjwa ulielezwa kisayansi nchini Kenya tangu 1921. Kwanza, kirusi hiki ni kikubwa, kina jeni zaidi ya 150, na nyingi kati yake kazi yake ni kuupotosha ulinzi wa mwili. Pili, makazi yake ni zilezile chembe nyeupe za damu ambazo zingepaswa kukimeza na kukiua. Kingamwili zinatengenezwa, lakini hazitoshi kukizima, ndiyo maana chanjo za virusi vilivyouawa zimeshindwa. Ureno ilijaribu virusi hai vilivyodhoofishwa miaka ya 1960, na nguruwe wengi waliochanjwa wakabaki na ugonjwa sugu. Vietnam iliidhinisha chanjo hai mwaka 2022, ila imetengenezwa dhidi ya aina ya II ya kirusi. Kwetu Afrika Mashariki zipo pia aina ya IX na X, na chanjo ya aina moja haiaminiki dhidi ya nyingine. Anayekuuzia kichupa cha chanjo hii kwa siri anaweza kuwa anakuuzia ugonjwa wenyewe.

Basi kinga inabaki mlangoni mwa banda, na kwa mfugaji mdogo milango mikubwa ni miwili.

Wa kwanza ni ndoo ya makombo. Mabaki ya kitimoto kutoka baa yana vipande vya nyama, na virusi hukaa ndani ya nyama kwa miezi, ikiwa imegandishwa hukaa zaidi. Afadhali usiyatumie kabisa. Ukilazimika, yachemshe kwa saa nzima kuanzia yanapotokota, ukiyakoroga wakati wote, maana pande la nyama lililokaa katikati ya sufuria nzito huchelewa kupata moto. Chombo cha makombo mabichi kisiguse yaliyochemshwa.

Wa pili ni miguu ya watu. Mchinjaji anayezunguka kununua nguruwe amekanyaga mabanda matano kabla ya lako. Mzungumzie nje ya uzio. Weka gambuti za bandani zisizotoka, na mlangoni beseni la dawa. Ukitumia jiki iliyoandikwa asilimia 3.5, changanya vikombe viwili kwa kimoja cha maji, na ibadilishe kila siku. Lakini sugua mavi kwanza kwa maji na sabuni, kwani klorini huishia kwenye uchafu, na kuchovya buti lenye mavi kwa sekunde mbili hakuui chochote. Dawa inahitaji nusu saa.

Nguruwe wanaozurura hukutana na mizoga na, karibu na mapori, na ngiri, ambao hubeba virusi bila kuugua, pamoja na papasi wanaoishi kwenye mashimo yao. Fungia nguruwe wako. Ziba nyufa za ukuta wa udongo pia: maeneo kama Malawi papasi wamehamia mabandani na wanaweza kubaki na virusi kwa muda mrefu.

Kifo cha ghafla kikitokea, simamisha kila kitu: usiuze, usichinje, usitoe dume. Mwite afisa mifugo. Binadamu haambukizwi, lakini nyama ile ikigawiwa mtaani inasambaza virusi. Mzoga uzikwe na udongo wa juu ufike angalau mita moja, mbwa wasiufukue.

Baada ya kusafisha, banda likae tupu siku 40 au zaidi. Kisha ingiza nguruwe wawili tu, wapimwe joto kila asubuhi kwa wiki sita. Wakibaki chini ya 39.5 na wanakula, nunua wengine.