Kwa nini simu za biashara yako zinaitwa "spam", na namna ya kuirudishia namba heshima yake

Weka simu tatu mezani, kila moja ya mtandao wake, kisha mwambie mhudumu wako azipigie zote kwa namba ile ile ya ofisi. Moja inaweza kuita ikionyesha namba tupu, ya pili ikaonyesha jina la kampuni, na ya tatu ikawaka nyekundu na maneno "Suspected spam". Tukifanya jaribio hili mbele ya wenye biashara wanaokuja kwetu kulalamika, swali lao huwa moja: nani kaniandika hivyo?

Hakuna daftari moja la namba mbaya. Lebo inawekwa na kila mwenye mfumo kwa hesabu zake mwenyewe. Marekani, kwa mfano, mitandao mikubwa ya simu hutegemea kampuni za uchambuzi kama Hiya, First Orion na TNS. Programu ya Truecaller ina hifadhi yake inayojengwa na malalamiko ya watumiaji wake, na programu ya simu ya Google nayo ina yake. Ndiyo maana namba moja huwa safi kwa huyu na chafu kwa yule, na ndiyo maana kusafishwa kwa mmoja hakukusaidii kwa mwingine.

Mifumo hii kwa kawaida haisikilizi unachosema. Inatazama mwenendo: namba imepiga simu ngapi kwa muda gani, ngapi zilipokelewa, zilidumu sekunde ngapi, wangapi walibonyeza kuzuia au kuripoti. Kwa hiyo biashara halali kabisa inaweza kufanana na tapeli, na mara nyingi mwenye biashara hana habari, kwa sababu anayepiga simu kwa niaba yake ni mashine.

Tuchukue mfano wa kampuni ya kupeleka mizigo. Kila siku ina wateja 200 wa kuulizwa kama watakuwepo kupokea mzigo. Ina namba mbili na programu inayopiga simu yenyewe, kisha inamkabidhi mhudumu yule aliyepokea. Mwenye kampuni anaamini anapiga simu 200. Akichapa kumbukumbu za simu anakuta 900, yaani 450 kwa kila namba. Zile 700 za ziada zimetoka wapi? Programu ilipangwa kurudia baada ya dakika kumi kila simu isiyopokelewa, na kuendelea hivyo hadi mara sita. Mteja aliye kwenye kikao anatoka na kukuta simu nne za namba asiyoijua. Anachofanya wengi wetu tunakijua: anaizuia.

Safu ya muda wa mazungumzo inaeleza zaidi. Kati ya simu 900 zimepokelewa 108, na 60 kati ya hizo zimekatika kabla ya sekunde sita. Hapa ndipo ninapomwomba mwenye kampuni ajipigie mwenyewe kupitia programu yake. Anapokea, anasema "haloo", anasikia kimya. Anarudia "haloo". Baada ya sekunde tatu hivi ndipo sauti ya mhudumu inaingia. Kimya hicho hutokea kwa sababu programu hupiga simu nyingi kuliko wahudumu walio huru, ikibashiri kwamba wengi hawatapokea. Aliyepokea anangoja mhudumu apatikane, na wengi hawangoji. Kwa mchambuzi, simu nyingi fupi mno kutoka namba moja ni alama ile ile inayoachwa na matapeli.

Mwenye kampuni naye, alipoona lebo, alikimbilia kununua namba mpya. Siku ya kwanza zilipokelewa vizuri, kabla ya wiki ya pili zikawa nyekundu. Kubadilisha namba huku mwenendo ni ule ule ni mbinu waliyoizoea matapeli, na mifumo inaijua. Isitoshe, namba mpya inaweza kuwa ilishatumiwa na mwingine ikarudishwa dukani na madoa yake, kwa hiyo itumie kwanza kupigia simu zako za majaribio kabla ya kuikabidhi kwa wahudumu.

Matengenezo yanaanzia kwenye programu, hata kabla ya kumwandikia mtu yeyote. Zima ubashiri, programu ipige pale tu mhudumu anapokuwa huru. Kurudia kuwe mara moja tu kwa siku, baada ya saa nne au zaidi. Ondoa kwenye orodha namba za wateja zisizotumika tena, maana kupigia namba zilizokufa ni alama mbaya nyingine. Tuma ujumbe mfupi kabla ya kupiga: "Tutakupigia leo asubuhi kwa namba hii kuhusu mzigo wako." Na hakikisha namba hiyo ikipigwa inapokelewa na mtu. Wateja hupiga kuulizia simu waliyoikosa, wakiambiwa namba haipatikani wanathibitisha walichokuwa wanashuku. Katika mfano wetu, wateja 200 wakipigiwa mara moja na nusu yao wakarudiwa, jumla ni simu 300, au 150 kwa namba. Mafundi wengi hulenga simu zisizozidi 100 kwa namba kwa siku, kwa hiyo namba ya tatu ingefaa. Hicho ni kipimo cha uzoefu tu, kwani wachambuzi hawatangazi mipaka yao.

Baada ya hapo ndipo uombe kusafishwa. Kwa zile kampuni tatu za Marekani kuna mlango wa pamoja, freecallerregistry.com, ambako unaandika jina la biashara, namba zako na sababu ya kupiga. Kwingine utaanza na kampuni inayokupa laini, kisha kila programu kwa fomu yake. Eleza kwa ufupi unampigia nani, kwa nini, na umebadilisha nini. Majibu huchukua siku kadhaa, pengine wiki kadhaa. Kujiandikisha kunakutambulisha tu, hakukupi kinga. Malalamiko yakiendelea, lebo inarudi.

Vivyo hivyo kwa saini ya kidijitali iitwayo STIR/SHAKEN, ambayo mtoa huduma huiambatisha kwenye simu inayotoka, na inayotumika Marekani, Kanada na Ufaransa. Daraja lake la juu, A, linamaanisha mtoa huduma anamfahamu mpigaji na anathibitisha kuwa ana haki ya kutumia namba hiyo. Haisemi kama simu yenyewe ni ya kheri au ya kero. Faida yake kubwa ni pale watu wanapokulalamikia ilhali kumbukumbu zako hazionyeshi kama uliwahi kuwapigia. Huenda kuna mtu anaigiza namba yako, na simu zake kwa kawaida hazipati daraja A. Peleka kumbukumbu hizo kwa mtoa huduma wako, kwa sababu kosa kama hilo huwezi kulirekebisha kwa kupunguza simu.

Kila wiki rudia jaribio la simu tatu, na uandike kilichoonekana kwenye kila kioo. Simu za jaribio zisiwe zimehifadhi namba yako kama mwasiliani, kwani simu huonyesha jina lililohifadhiwa na lebo isionekane. Tumeshaona ofisi ikisherehekea usafi kwa kosa hilo.

Namba ikikataa kusafika, acha kupigia kwayo ila usiirudishe kwa mtoa huduma. Ibakize ya kupokea tu kwa miezi kadhaa, kwa maana wateja wa zamani bado wanayo na watapiga. Simu za kutoka zihamishie polepole kwenye namba nyingine: makumi machache siku za mwanzo, ukiongeza wiki hadi wiki huku ukiangalia idadi ya wanaopokea. Idadi hiyo ikishuka ghafla kwenye namba moja na nyingine zikabaki palepale, simamisha hiyo siku hiyo hiyo na ukaichunguze, hata kama hakuna mteja aliyekwambia ameona lebo.