Nanga ya Matarajio ya Bei: Dhana Potofu Tatu na Kilichotokea Juni 2022

Dhana: Watu wakisema bei zitapanda sana, basi nanga imeng'oka.

Nanga hapa ni imani ya watu kwamba, hata bei zikipanda sasa, mfumuko utatulia kwa muda mrefu. Kama imeng'oka au la inategemea wanazungumzia lini. Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, kinahoji kaya tangu miaka ya 1940, na kuhusu mfumuko wa bei kinauliza maswali mawili. La kwanza: bei zitapanda kwa asilimia ngapi katika miezi 12 ijayo? La pili: kwa asilimia ngapi kila mwaka, kwa wastani, katika miaka 5 hadi 10 ijayo? Jibu la swali la kwanza hupanda na kushuka pamoja na bei ya petroli, na halimkoseshi mtu usingizi. Nanga hupimwa kwa swali la pili.

Mei 2022 kaya zilitarajia asilimia 5.3 kwa mwaka mmoja, lakini asilimia 3.0 tu kwa muda mrefu. Maana yake walikuwa wakisema: mwaka huu tutaumia, halafu mambo yatatulia. Chombo kinayumba, nanga imeshika. Mwanzoni mwa 1980 hali ilikuwa nyingine kabisa, kwani hata kwa muda mrefu watu walitarajia karibu asilimia 10. Aliyeamini hivyo alidai mshahara wa kufidia miaka ijayo, na mwenye duka alipandisha bei kabla gharama hazijamfikia, hivyo mfumuko ukajilisha wenyewe. Kuirudisha nanga ile kulimlazimu Paul Volcker, mkuu wa benki kuu ya Marekani wakati huo, kuacha riba ivuke asilimia 19 mwaka 1981, na kufikia mwisho wa 1982 ukosefu wa ajira ulikuwa asilimia 10.8.

Dhana: Mama anayetoka sokoni si mchumi, kwa hiyo majibu yake hayafai kitu.

Kwamba kaya hukosea ni kweli, na kwa kawaida hukosea kuelekea juu. Katika miaka kadhaa kabla ya Uviko mfumuko wa bei Marekani ulikuwa mara nyingi chini ya asilimia 2, ilhali kaya ziliendelea kujibu karibu 2.5 kwa muda mrefu. Mtu hukumbuka mayai na mafuta ya gari, vitu anavyonunua kila wiki. Televisheni iliyoshuka bei haikumbuki.

Lakini mizani inayozidisha robo kilo kila siku bado itakuonyesha kama mzigo umeongezeka, mradi unaijua. Kwa hiyo wataalamu hawalinganishi 3.0 na lengo la benki kuu la asilimia 2. Wanailinganisha na majibu ya nyuma ya utafiti huohuo. Hutumia pia jibu la katikati badala ya wastani, ili anayesema asilimia 40 asiwaburute wengine, kisha hutazama majibu yametawanyika kiasi gani. Jibu la katikati linaweza kutulia huku idadi ya wanaotaja namba kubwa ikiongezeka taratibu, na hiyo huwa dalili ya mapema kwamba nanga inaburuzika.

Dhana: Utafiti ukipanda, benki kuu hupandisha riba.

Hapa ndipo Juni 2022 inapofundisha. Mei ile Jerome Powell, mkuu wa benki kuu ya Marekani wakati huo, alikuwa amesema kupandisha riba kwa asilimia 0.75 kwa mkupuo hakufikiriwi, na soko la fedha likajiandaa kwa 0.50. Ijumaa ya tarehe 10 Juni zilitoka habari mbili: mfumuko wa mwaka ulikuwa umefika asilimia 8.6, na matokeo ya awali ya Michigan yalionyesha matarajio ya muda mrefu yamepanda kutoka 3.0 hadi 3.3. Siku 5 baadaye riba ilipanda kwa 0.75, nyongeza kubwa kuliko zote tangu 1994. Powell alikiri kwamba namba ile ya Michigan ilivuta macho yao, ingawa aliongeza kuwa huenda ingerekebishwa.

Ikarekebishwa kweli. Tarehe 24 Juni matokeo kamili yalitoka: 3.1. Matokeo ya awali huchukuliwa mahojiano hayajakamilika, na wakati huo sampuli nzima ya mwezi ilikuwa watu mia kadhaa tu, kwa hiyo tofauti ya 0.2 ingeweza kuwa bahati ya nani aliyepokea simu. Sidhani hata hivyo kwamba uamuzi ulikuwa wa makosa. Asilimia 8.6 peke yake ilitosha kutisha; utafiti uliongeza uzito tu.

Machi 2025 ikawa kinyume. Matokeo ya awali ya Michigan yalisema 3.9 kwa muda mrefu, juu kuliko 2022, kaya zikihofia ushuru mpya wa forodha. Safari hii Powell aliiita namba iliyojitenga, kwa sababu vipimo vingine vya muda mrefu, hasa bei za hati fungani, havikuonyesha jambo kama hilo. Zaidi ya hayo, mwaka uliotangulia utafiti ulikuwa umehama kutoka simu kwenda mtandaoni, na majibu ya wafuasi wa Demokrati yalikuwa juu mno kuliko ya Republikani. Riba ikaachwa palepale, kati ya asilimia 4.25 na 4.50.